Herufi J haina mwenyewe: niliyowaambia watangazaji wapya kuhusu kusoma alama za sauti

(Hii niliizungumza mbele ya vijana wanaojifunza utangazaji. Nimeisikiliza kwenye rekodi nikaiandika karibu vilevile nilivyoisema, kukohoa na vicheko nimeviacha.)

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeambiwa tunaenda mpaka saa ya chai, na mi najua mtu akishasikia harufu ya maandazi hakusikilizi tena, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mi nilianza kazi hii kwa kusoma tanzia. Unaletewa karatasi imeandikwa kwa mkono, marehemu fulani, mtoto wa fulani, mazishi saa kumi, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, unasoma. Siku moja nikaletewa jina la mzee wa Kikikuyu, asili yake Kenya ya kati huko, jina lina th ndani yake na lina zile i na u zenye kimkia juu, mi kimkia nikakiona ni pambo tu, nikaruka nacho, na ile th nikaisoma kama ya thelathini. Nikamaliza, nikatoka zangu nje. Mtoto wa marehemu akapiga simu studio. Hakufoka. Akaniambia tu, kaka, baba yangu hujamsoma, umemsoma mtu mwingine, na mashangazi zangu kijijini wamesikia tangazo wala hawajajua ni la kwao.

Sasa kosa langu lilikuwa wapi? Kusoma najua. Karatasi ilikuwa sahihi, jina limeandikwa vizuri kabisa kwa tahajia ya Kikikuyu. Tatizo ni kwamba tahajia ya Kikikuyu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekijua Kikikuyu, na mi sikijui. Hapo ndipo ilipo habari yote ya leo. Tahajia ya lugha yoyote ni makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe, mgeni akija anasoma herufi za kwao kwa makubaliano ya kwake, na anakosea huku anajiamini.

Tuchukue herufi moja tu, J. Niambieni, J inasomekaje? (Wakajibu: je!) Haya. Juma, jana, jiko. Sasa mnatangaza mpira, mnakutana na Jürgen Klopp. Mjerumani yule, J yake ni sauti ya y yetu, ile ya yai na yangu. Mnakutana na jina José. Kama mwenye jina ni Mhispania, ile J ni sauti ya kh, ile ya kheri kama wanavyoitamka watu wenye Kiarabu chao. Kama mwenye jina ni Mreno, José hilohilo, herufi nne zilezile na kimkwaju chake juu ya e, J inakuwa sauti nyingine kabisa ambayo kwenye Kiswahili sanifu hatuna, nitawaonyesha. Kwa hiyo J moja mpaka sasa ina sauti nne, ya Juma, ya Jürgen, na hizo mbili za José, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayekosea. Kila mmoja anafuata makubaliano ya kwao. We mtangazaji umekaa Tanga au Kigoma na skripti mbele yako, utajua vipi J hii ni ya nani?

Hapo ndipo inapokuja alfabeti ya fonetiki ya kimataifa, ile inayoitwa IPA. Mkiifungua kwenye simu mtaona jedwali limejaa vidudu, msiogope, hamhitaji vyote. Vingi ni herufi mnazozijua. Ninachotaka mkishike leo ni sheria moja iliyo chini yake, kwamba alama moja ni sauti moja, lugha yoyote, mtu yeyote, na sauti hiyo haina alama nyingine.

Na hii sheria haikuanza siku ya kwanza, hapo ndo pananifurahisha. Chama kilichoitengeneza kilianza Paris mwaka 1886, kikundi cha walimu wa lugha, Mfaransa Paul Passy akiwa mbele yao, watu waliochoka kuwafundisha watoto lugha za kigeni kwa tahajia zinazodanganya. Mwanzoni waliacha alama zibadilike kulingana na lugha. Sauti yetu ya sh, ile ya shamba, kwenye Kiingereza wakaiandika kwa c na kwenye Kifaransa wakaiandika kwa x. Yaani unaona x, kwanza uulize hapa tuko lugha gani, ndo ujue usome nini. Sasa hiyo si ileile hadithi ya J? Imebadilisha nguo tu. Mwaka 1888, miaka miwili tu baadae, wakaliacha wazo hilo, wakakubaliana sauti ileile ikitokea kwenye lugha mbili inaandikwa kwa alama ileile. Sh ikapewa ʃ, hii s ndefu iliyonyooka kama ndoano, na mpaka leo ukiona ʃ hata kama hujui neno limetoka China au Chato unasoma sh na umemaliza.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini alama moja sauti moja, jibu ni kwamba alama zenyewe ziliwekwa kwa ajili ya mtu asiyeijua lugha. Ukiruhusu hata alama moja ibadilike kulingana na lugha, umemwambia msomaji arudi kwanza akajifunze lugha ile, na kama angeijua asingekuhitaji.

Twende ubaoni. Unukuzi wa sauti unawekwa ndani ya mabano ya mraba, hivi [ ], ukiyaona hayo jua tahajia imeishia hapo nje. Ndani humo sahau ulivyofundishwa darasa la kwanza. Na ndani humo hamna herufi kubwa, hata jina la rais linaanza na herufi ndogo, nitaeleza baadae kwa nini.

Habari njema ni kwamba Kiswahili chetu kiko karibu sana na alama hizi, tofauti na Waingereza masikini. Mama ni [mama]. Simu ni [simu]. Tofali ni [tɔfali], ile o iliyofunguka nyuma ndo ya kwetu, na e yetu ni hii [ɛ], kama tatu ya tarakimu imegeuzwa. Pepe ni [pɛpɛ]. Vitabu vingi vya Kiswahili vinaandika tu e na o za kawaida kwa sababu kwetu ziko e moja na o moja, hamna cha kuchanganya, ila leo nawaandikia hizi za kufunguka kwa sababu tunaenda kwa Wakikuyu na huko wanazo mbili mbili.

Sasa mitego. Mitego ni zile alama zenye sura ya herufi zetu lakini sauti si zetu. Zipo chache, mbili ndo zinawaua watu kila siku. [j] si ya Juma. [j] ni y ya yai. Yai linaandikwa [jai]. Walifuata Wajerumani hapo, tusigombane nao. Na [x] si eks ya darasani, [x] ni kh. Kheri ni [xɛri], na anayesema heri anaandikwa [hɛri]. Mnaona raha yake? Kwenye tahajia tunabishana heri au kheri ipi sahihi, hapa hamna ubishi, naandika nilichosikia kutoka mdomoni kwako.

Basi tumchukue José Mourinho, na msicheke, wangapi humu mmeshalitamka jina hili redioni? Unukuzi wake kwa Kireno chake mwenyewe ni huu:

[ʒuˈzɛ moˈɾiɲu]

Tusome polepole, alama kwa alama, kushoto kwenda kulia, bila kuangalia tahajia kabisa. Ya kwanza [ʒ], hii ndo ile sauti niliyosema hatuna. Weka mkono kooni, kila mtu, we mama wa kitenge cha njano pia. Sema sss. Sasa zzz. Mmesikia? Mdomo haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni koo linatetemeka kwenye z. Sasa semeni shhh kama mnamnyamazisha mtoto. Usiondoe ulimi wala midomo, washa koo tu. (Darasa likavuma kama mzinga wa nyuki.) Hiyohiyo! Hiyo ndo [ʒ]. Ni sh iliyowashwa koo. Mmejifunza sauti ambayo hamjawahi kuitumia, kwa sababu alama inawaambia mdomo ufanye nini, haiwaambii tu sauti inafanana na ya neno gani. Kila alama ya konsonanti kwenye jedwali imekaa mahali pake kwa mambo matatu, hewa inazuiwa wapi, inazuiwaje, na koo linatetemeka au halitetemeki. Ndo maana haiwezi kuwa na sauti mbili. Mambo hayo matatu yakibadilika hata moja umeshahamia alama nyingine.

Ya pili [u], kama ya ua. Tahajia ilisema o, tusiijali. Halafu kuna kijiti kidogo juu, [ˈ]. Hicho si sauti, ni mkazo, kinawekwa kabla ya silabi inayokazwa. Wengi wanadhani kinakaza kilichopita, hapana, kinakaza kinachofuata. Kwa hiyo mkazo uko kwenye [zɛ]. Na hapa Mswahili anateleza vibaya maana sisi mkazo wetu karibu kila siku uko silabi ya pili kutoka mwisho, mdomo unakimbilia huko wenyewe, unasema JOse. Sivyo, ni ʒu-ZE. Halafu [z] kabisa, ya zawadi, japo imeandikwa s. Na [ɛ], hiyo yetu.

Hebu hesabuni, José ana herufi nne na sauti nne, na kati ya hizo nne tungesoma kwa Kiswahili tungepatia moja tu, ile e ya mwisho. Moja! Na tungejiamini.

Jina la pili. [m], [o], hii o ya duara tupu imefunga midomo kidogo kuliko yetu, hamtafungwa jela mkisema ya kwetu. Mkazo. [ɾ], hii r isiyo na kichwa, ulimi unagusa ufizi mara moja tu na kuachia, kama r ya mara mkiisema haraka. [i]. Halafu hii n yenye mguu umepinda kushoto, [ɲ], nani anaijua? (Kijana mmoja: ny!) Ahsante, ny ya nyumba. Wareno wanaiandika nh, sisi tunaiandika ny, Wahispania wanaweka wimbi juu ya n, tahajia tatu kwa mdomo uleule. Hii ni ile nusu ya pili ya sheria, sauti moja haiwi na alama mbili, nyumba ya kwetu inaanza [ɲumba] na mreno yule ana [ɲ] hiyohiyo, ukiijua moja umezijua zote. Mwisho [u]. Semeni wote. ʒuZE moRInyu. Basi. Herufi nane za Mourinho zimetoa sauti sita.

Sasa msije mkadhani wanaodanganya ni wazungu peke yao. Tahajia yetu pia ina yake, ila tumeizoea hatuioni. Chukua n. Nanasi, n ya kawaida, ulimi kwenye ufizi, [nanasi]. Nyumba, tumeshaona, [ɲ]. Ngoma je? Semeni ngoma lakini simameni kabla hamjafika kwenye g. Ulimi uko wapi? Ncha iko chini imelala, haijagusa ufizi hata kidogo, kilichoinuka ni nyuma kabisa kimegusa kaakaa laini na hewa inatoka puani. Hiyo si [n] jamani, hiyo ni [ŋ], na ngoma ni [ŋɡɔma]. Sasa semeni ng'ombe. Ulimi uko palepale! Tofauti ni kwamba hakuna g inayopasuka baadae, [ŋɔmbɛ]. Kwa hiyo sauti moja ya [ŋ] kwenye Kiswahili tunaiandika n tukiwa kwenye ngoma na tunaiandika ng' tukiwa kwenye ng'ombe, na mtu akisahau kale kakoma kake ka juu kwenye meseji, hilo neno linabaki la kubahatisha. Waganda wao wana herufi ŋ kwenye tahajia yao ya kawaida, wamemaliza kesi. Na mkiona maandishi ya Kilingala yana ɛ na ɔ ni kwa hesabu hiyohiyo, walihitaji herufi mbili kwa sauti mbili.

Mfano mwingine wa nyumbani, huu umewahi kutuaibisha hewani. Skripti ilisema kuna mkulima ana shamba la mbuni. Mtangazaji akasoma. Baada ya hapo kwenye meza ya habari ukazuka ugomvi, ni yule ndege mrefu mwenye mayai makubwa au ni mti wa kahawa? Maana vyote vinaandikwa mbuni. Lakini mdomoni havifanani. Pigeni makofi. Ndege: mbu-ni, makofi mawili, [ˈmbuni], ile m imeshikamana na b wanaruka pamoja. Mti wa kahawa: m-bu-ni, makofi matatu, m imekaa peke yake kama silabi kamili, na hiyo tunaitia kijiti chini yake, [m̩ˈbuni]. Kijiti cha chini maana yake konsonanti hii imebeba silabi. Mtu ni hivyohivyo, [ˈm̩tu]. Kama mwandishi wa ile skripti angeweka unukuzi pembeni, msomaji asingekuwa na la kukisia.

Na barabara mnaijua. Barabara ya lami, [baraˈbara]. Nimekuelewa barabara, [baˈrabara]. Sauti zote sawa, kijiti kimehama tu.

Kuna dada hapa mbele amenyoosha mkono muda mrefu. (Akauliza: umesema alama moja sauti moja, mbona nimeona chai imeandikwa kwa alama mbili, t na ile ndoano?) Swali zuri sana na nilikuwa naliogopa kidogo. Kweli, chai inaandikwa [tʃai], na wenye uangalifu wanaweka upinde juu kuziunganisha, [t͡ʃai]. Sema ch polepole sana. Ulimi unaanza umeziba kabisa, hewa haipiti, kama t. Halafu badala ya kuachia mara moja unaachia kidogokidogo, na wakati unaachia inatoka sh. Mdomo umefanya mambo mawili mfululizo na alama zimeandika mawili. Upinde unasema tu kwamba kwenye lugha hii mawili hayo yanahesabiwa kipande kimoja. Kwa hiyo [t] bado ni t na [ʃ] bado ni sh, hakuna aliyebadilika maana. Linganisha na tahajia, ch, humo c haina sauti yake kwenye Kiswahili na h haipumui h. Hizo ni herufi mbili zinazodanganya kwa pamoja.

Na J ya Juma, maana najua mtauliza. Wengine wanaiandika [dʒ], ambayo ni ch iliyowashwa koo. Ila wasikilizeni watu wa pwani wakisema jana au jiko, mara nyingi koo linashuka na hewa inavutwa ndani kidogo, haisukumwi nje, na hiyo ina alama yake, [ʄ]. Mkiona vitabu viwili vimeandika j ya Kiswahili tofauti msiseme sheria imevunjika, ni kwamba waandishi wamesikia watu tofauti au wamechagua kuwa wakali kwa kiwango tofauti.

Hapo naomba niwaambie mpaka wa jambo hili, maana nisipowaambia mtakuja kunilaumu. Mbali ya mabano ya mraba mtakutana na mikwaju, hivi / /, hasa kwenye kamusi. Ndani ya mikwaju mwandishi anakupa sauti zile tu zinazobadilisha maana kwenye lugha hiyo, vijambo vidogo anaviacha kwa imani kwamba mwenye lugha anavijua. Kwa mfano paa. Mtu wa Mombasa wa asili, paa la nyumba analisema kavu, [paa], na paa yule mnyama analisema na pumzi, p halafu hewa inapuliza, [pʰaa]. Weka kiganja mbele ya mdomo utaihisi. Kwake yeye hayo ni maneno mawili, hawezi kuyachanganya. Wengi wetu wa bara tunayasema mamoja. Na tahajia sanifu haina alama ya hiyo pumzi, kwa sababu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, sio Kimvita. Sasa ukiandika /paa/ kwa mikwaju kwa ajili ya mtu wa Dodoma, inatosha. Ukiandika hivyo kwa Kimvita umeua tofauti. Kwa hiyo mikwaju inabidi ujue iko lugha gani, kidogo tunarudi kule kwa J, ndo maana nyie wasomaji wa majina nawataka mabano ya mraba.

Sasa turudi kwenye deni langu, jina la Kikikuyu. La yule mzee silisemi, ni la familia. Tuchukue jina ambalo dunia nzima inalijua, Wangarĩ Maathai, mama wa miti, Nobeli ya amani 2004. Nimesikia watangazaji wa nje wakisema Matai, kwa t, kama vile th ni t yenye kofia. Wa kwetu wanasema kwa th ya thelathini. Wote wamekosa. Unukuzi, nikiacha toni maana Kikikuyu kina toni na hiyo ni siku nyingine:

[waŋɡaɾe maːðai]

Nani anasoma? We kijana wa ny, njoo. Haraka hatuna. [w], [a], ndiyo, [ŋɡ] kama ya ngoma, [a], [ɾ] gonga mara moja. Simama. Hii [e] si [ɛ]. Hii imefunga zaidi, iko njiani kati ya e yetu na i yetu. Kile kimkia juu ya i kwenye tahajia ndo kilikuwa kinasema hivyo, na mi siku ile nikakiona pambo. Sema e huku unatabasamu kidogo. Hapohapo. Jina la pili, [m], [a] na vidoti viwili vya pembetatu [ː] maana yake vuta, [maː]. Halafu [ð]. (Akasema: dhi?) Ndiyo! Dh ya dhahabu. Kikikuyu wanaandika th lakini koo linawaka, Kiswahili tukiandika th koo limezimwa, [θ], ya thelathini. Herufi zilezile mbili, na ukitoka lugha moja kwenda nyingine zinabadilika sauti. Ndo maana wenye mji wao wa Thika wanaanza na dh.

Na jina la kabila lenyewe, Gĩkũyũ. Hili nawaachieni mlisome wenyewe, [ɣekojo]. Ya kwanza [ɣ] ni gh ya ghali. [e] mmeshaijua. [o] ndugu yake, kati ya o na u. Na [j]... (Watu wengi: ya!) Hamkusema je! Nashukuru Mungu. Ghe-ko-yo.

Lingine la mwisho ni la kibodi, maana huko ndiko kazi nzuri inaharibikia. Nilisema hamna herufi kubwa. Simu zenu zinapenda kuanza jina kwa herufi kubwa zenyewe, na kwenye alama hizi ukubwa si heshima, ni alama nyingine au si kitu kabisa. Hii [r] ndogo ni r yetu ya kutetema, ila ikichorwa kwa umbo la R kubwa iliyofupishwa, [ʀ], ni r ya kooni, kidaka tonge ndo kinachotetema. Kijiti cha mkazo nacho, watu wanaweka koma ya juu ya kawaida, na koma hiyo kwetu ndo ya ng'ombe, msomaji anaona [ma'ka] anadhani kuna kitu kimekatwa. Na vidoti vya kuvuta si nukta pacha ya kawaida, ni vipembetatu viwili vinavyotazamana. Mi nilishatuma unukuzi mzuri kabisa studio kwa meseji, kompyuta ya kule fonti haina, ikageuza ʃ na ŋ na ð zote kuwa viboksi vitupu vinavyofanana, mtangazaji akanipigia dakika mbili kabla ya taarifa ananiuliza mzee hii boksi inasomekaje. Siku hizi naandika kwa kalamu, napiga picha, natuma picha.